Kiboko Amepotea, Kiboko Kimepotea: Mhadhara wa Kiswahili Unapopelekwa Ukumbi wa Kiingereza

Soma sentensi hizi mbili: “Kiboko amepotea.” “Kiboko kimepotea.” Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba ya kwanza inamzungumzia mnyama wa mtoni na ya pili inauzungumzia mjeledi. Jina ni lilelile na kitenzi ni kilekile. Kilichobadilika ni kiambishi kimoja mwanzoni mwa kitenzi, nacho kimetosha kututenganishia mnyama na kitu. Mhadhiri wa isimu akiziandika ubaoni, darasa linaelewa kabla hajageuka.

Mwanafunzi wa darasa hilo akichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, anaweza kuombwa awasilishe kwa dakika 15, kwa Kiingereza, jambo alilojifunza nyumbani. Sentensi zilezile mbili sasa haziwezi kujieleza. Watakaomsikiliza hawana Kiswahili masikioni, kwa hiyo hawaoni cha kushangaza katika “amepotea” na “kimepotea”. Wanaona tu maneno ya kigeni yaliyopangwa mistari miwili.

Makala haya yanaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua: kuyachukua maandishi ya mhadhara uliofundishwa kwa Kiswahili na kuyaandika upya yawe slaidi za Kiingereza. Kosa linalowapata wengi ni kudhani kuwa kazi ni kutafuta maneno, kwamba ukishajua “upatanisho” huitwaje kwa Kiingereza umemaliza. Ugumu hasa uko kwenye mambo ambayo mhadhiri hakuyasema kwa sababu kila aliyekuwa darasani aliyajua tayari.

Nchini Tanzania hali hii ina sura yake ya pekee. Vyuo vikuu vyetu hufundisha masomo mengi kwa Kiingereza, lakini masomo ya Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili. Ndivyo ilivyo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili anasikiliza, anabishana, anaandika na anatahiniwa kwa lugha anayoichunguza. Anapovuka mpaka ndipo lugha ya kuchunguzia na lugha inayochunguzwa zinapotengana.

Kilichomo daftarini na kilichobaki darasani

Tumchukue mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye daftari lake lina mhadhara wa saa mbili kuhusu ngeli za nomino na upatanisho wa kisarufi. Kurasa zake zina mpangilio ambao kila aliyesoma huko ataufahamu. Kwanza kuna fasili za ngeli kwa mujibu wa wataalamu mbalimbali. Halafu inakuja historia: Wilhelm Bleek aliyezipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa namba katika miaka ya 1860, na Carl Meinhof aliyeuendeleza mpango huo katika kitabu chake cha mwaka 1899. Kisha kuna kigezo cha maumbo, kigezo cha upatanisho, na mwishoni kabisa kichwa kimoja kilichopigiwa mstari: “Mikanganyiko”. Chini yake mna mifano mitupu, bila maelezo wala tafsiri: kiboko, kiongozi, kitoto, jitu, rafiki yangu mkubwa amefika.

Ukurasa huo wa mwisho ndio wenye thamani kubwa, na ndio wenye maneno machache. Mhadhiri alizungumza, wanafunzi wakachangia, mmoja akapinga, na kilichoandikwa ni mifano peke yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanywa kwa Kiswahili, kabla Kiingereza hakijaguswa. Mwanafunzi anakaa na daftari na kuandika mbele ya kila mfano sentensi moja inayojibu swali hili: mfano huu uliletwa kuthibitisha nini?

Mbele ya “kiongozi” ataandika: “Umbo lake ni la KI-VI lakini kitenzi chake ni cha A-WA: kiongozi amefika, viongozi wamefika.” Mbele ya “kitoto” ataandika: “Huyu ni mtu, lakini kitenzi kinabaki KI: kitoto kinalia.” Mbele ya “rafiki yangu mkubwa amefika” ataandika kwamba ndani ya sentensi moja kuna upatanisho wa aina mbili. Mfano asioweza kuuandikia sentensi hajauelewa bado, nao hauendi kwenye slaidi mpaka amuulize mhadhiri au mwanafunzi mwenzake.

Kumwandikia mhadhiri ni jambo la lazima kwa sababu nyingine pia. Mifano ile na mpangilio ule ni kazi ya akili yake. Ujumbe mfupi unatosha: “Shikamoo Mwalimu. Nimepangiwa kuwasilisha kuhusu upatanisho wa viumbe hai. Naomba ruhusa nitumie mfano wako wa kiboko, na jina lako nitaliandika kwenye slaidi.” Mara nyingi jibu halitaishia kwenye ruhusa. Mwalimu anayejua kumbi hizo ataongeza: “Marahaba. Tumia, ila usiiache ile ya rafiki. Hiyo ndiyo watakayokuuliza.”

Saa mbili ndani ya dakika 15

Mhadhara wa darasani huanza na fasili kwa sababu nzuri. Mwanafunzi anajengewa msingi, na kwenye mtihani atatakiwa aonyeshe kuwa anajua nani alisema nini. Semina ya Kiingereza yenye dakika 15 inatarajia mpangilio mwingine: mzungumzaji aseme mapema hoja yake ni ipi, kisha atumie muda uliobaki kuitetea. Akiziingiza fasili tano za wataalamu watano kwenye slaidi tatu za mwanzo, dakika sita zimekwisha kabla mtu hajajua anakokwenda.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu anachagua sehemu moja tu ya mhadhara, ile ya mikanganyiko, na kuigeuza kuwa dai moja. Dai hilo alijaribu kwanza kwa Kiswahili: nomino za viumbe hai huchukua upatanisho mmoja wa kitenzi, hata zikiwa na viambishi tofauti. Ndipo akaliandika kwa Kiingereza kama kichwa cha slaidi ya pili, sentensi kamili yenye kitenzi:

```
Animate nouns share one verb agreement,
whatever prefix they carry
```

Kichwa cha namna hii kinafanya kazi ambayo kichwa cha daftari, “Upatanisho wa kisarufi”, hakiwezi. Kichwa cha daftari kinataja mada, na darasani kilitosha kwa sababu mhadhiri alikuwa na saa mbili za kuisemea. Hiki kinasema jambo linaloweza kukubaliwa au kupingwa. Kila slaidi inayofuata hupimwa nacho: kama haisaidii kulithibitisha wala kuliwekea mpaka, inaondolewa.

Kinachoondolewa mara nyingi huuma. Wengi huanza na slaidi za kuitukuza lugha: nchi inamozungumzwa, idadi ya wazungumzaji, na Siku ya Kiswahili Duniani ya tarehe 7 Julai ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Yote ni kweli na ni fahari yetu, lakini hayamsaidii msikilizaji kuelewa kwa nini kiboko kimoja kinapotea na kiboko mwingine anapotea. Taarifa ya utangulizi anayoihitaji msikilizaji ni ndogo sana: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, nomino zake zimegawanyika katika makundi, na kundi la nomino huonekana kwenye maneno yanayoandamana nayo. Slaidi moja inatosha.

Mtego wa jedwali

Sasa tumefika mahali ambapo slaidi nyingi za aina hii huharibika. Darasani ngeli zinaitwa kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI na kadhalika. Katika maandishi ya Kiingereza kuhusu lugha za Kibantu, makundi yanaitwa kwa namba zilizotokana na Bleek na Meinhof. Mwanafunzi anatafuta jedwali la kugeuzia na kulipata kwa urahisi: A-WA ni 1 na 2, U-I ni 3 na 4, LI-YA ni 5 na 6, KI-VI ni 7 na 8, I-ZI ni 9 na 10. Anabadilisha kila herufi kwa namba, anahifadhi faili, anadhani amemaliza.

Jedwali hilo linafanya kazi kwa vitu. Kitabu ni KI-VI na ni 7/8, mti ni U-I na ni 3/4, hakuna ubishi. Linavunjika kwenye viumbe hai, na viumbe hai ndio mada ya wasilisho zima. Chini ya A-WA daftari lina mtu, kiongozi, waziri na nyoka. Ukiandika “1/2” juu ya orodha hiyo, msikilizaji anayezijua lugha za Kibantu atainua mkono: kiongozi ana ki-, wingi wake viongozi, kwa nini umemweka kwenye 1 badala ya 7? Naye atakuwa na haki.

Chanzo ni kwamba mifumo hii miwili haigawi nomino kwa kigezo kimoja. Namba za Meinhof zinafuata kiambishi cha nomino yenyewe, na kwa sababu hiyo kiongozi yumo kwenye 7. Majina ya A-WA na KI-VI, kama yanavyotumika katika sarufi za shuleni na vyuoni Tanzania na Kenya, yanafuata kiambishi kinachojitokeza kwenye kitenzi, na kwa sababu hiyo kiongozi yumo kwenye A-WA. Kila mfumo ni sahihi ndani ya kigezo chake. Kosa linazaliwa pale unapochukua lebo ya mmoja na kuibandika juu ya orodha ya mwingine.

Suluhisho ni kuonyesha vigezo vyote viwili bega kwa bega, kila kimoja kwenye safu yake. Slaidi ya mwanafunzi wetu ikawa hivi:

```
Noun                    Meaning    Noun prefix   Verb prefix
m-tu / wa-tu            person     1/2           a- / wa-
ki-ongozi / vi-ongozi   leader     7/8           a- / wa-
waziri / ma-waziri      minister   5/6           a- / wa-
nyoka / nyoka           snake      9/10          a- / wa-
ki-tabu / vi-tabu       book       7/8           ki- / vi-
```

Safu ya tatu inabadilika kila mstari, safu ya nne inarudia jambo lilelile mara nne, na mstari wa kitabu uko pale ili kuonyesha kwamba ki- inaweza pia kujirudia kwenye kitenzi pale nomino inapokuwa ya kitu. Msikilizaji asiyejua neno hata moja la Kiswahili anaweza kuliona dai kwa macho yake.

Namba zenyewe zitaleta swali moja ambalo ni vizuri kulitarajia. Mtu akiuliza orodha kamili, Kiswahili sanifu hakina 12 wala 13. Namba hizo ni za lugha zote za Kibantu kwa pamoja, na hizo mbili zinahusu viambishi ka- na tu- vya udogo, ambavyo Kikuyu, kwa mfano, inavyo. Kiswahili hutumia ki- na vi- kwa kazi hiyo. Jibu hilo la sentensi mbili halihitaji slaidi yake, lakini mzungumzaji anatakiwa awe nalo.

Kuna na jambo la kupewa uzito zaidi. Mwanafunzi anaweza kushawishika kuliacha kabisa jina A-WA, akiona kwamba ni la shuleni na kwamba namba ndizo za wataalamu. Asifanye hivyo. Mwaka 1958 Charles Hockett alieleza kwamba makundi ya namna hii hutambulika kwa mwenendo wa maneno yanayoandamana na nomino, na Greville Corbett aliijengea hoja hiyo kitabu kizima, `Gender`, kilichotoka Cambridge mwaka 1991. Kwa kigezo hicho, kilichoamua kundi la kiongozi ni kitenzi. Darasa la Kiswahili linaloita kundi hilo A-WA linafuata msimamo unaotetewa katika isimu ya dunia nzima. Slaidi ikilifuta jina hilo, inafuta uchambuzi uliofanywa kwa Kiswahili na kubakiza mfano tu, kana kwamba sisi tunatoa maneno na wengine ndio wanaofikiri.

Kumpa msikilizaji sikio

Sasa turudi kwa kiboko. Darasani mhadhiri aliandika sentensi mbili na kunyamaza. Kwenye slaidi, kila sentensi inahitaji mistari mitatu: Kiswahili kilichokatwa vipandevipande, uchambuzi wa kila kipande chini yake, na tafsiri huru. Wanaisimu wengi hufuata kanuni zinazojulikana kwa jina la mji wa Leipzig, zilizotungwa na Bernard Comrie, Martin Haspelmath na Balthasar Bickel. Msingi wake ni mwepisi: maneno ya mstari wa juu na wa chini yaanzie sehemu moja, na idadi ya vistari vya kukatia iwe sawa katika kila neno juu na chini.

```
Ki-boko     a-me-pote-a
CL7-hippo   CL1-PRF-get.lost-FV
'The hippo is lost.'

Ki-boko     ki-me-pote-a
CL7-whip    CL7-PRF-get.lost-FV
'The whip is lost.'
```

Tuusome mstari wa kati. CL7 ni kundi la 7 kwa hesabu ya viambishi vya nomino, PRF ni kiambishi -me- cha hali timilifu, na FV ni kiambishi -a cha mwisho wa kitenzi. Kitenzi “potea” kinahitaji maneno mawili ya Kiingereza, na kanuni inataka maneno hayo yaunganishwe kwa nukta, siyo kistari, kwa sababu upande wa Kiswahili hapana mkato. FV na CL hazimo kwenye orodha ya vifupisho iliyoambatanishwa na kanuni hizo, kwa hiyo maana zake huandikwa kwa herufi ndogo chini ya slaidi.

Hapo pana uamuzi mmoja mdogo unaobeba hoja nzima. Kiambishi a- kinaweza kuchambuliwa kwa njia mbili. Daftari linakiita kiambishi nafsi, na anayekifuata daftari ataandika 3SG, yaani nafsi ya tatu umoja. Kwa sarufi ya jumla si kosa. Lakini ukumbi ukiona 3SG kwenye sentensi ya kwanza na CL7 kwenye ya pili, utadhani unalinganishiwa nafsi na ngeli, mambo mawili yasiyokutana, na dai litapotea. CL1 mbele ya CL7 inaonyesha ulinganisho unaotakiwa: nomino ileile yenye ki-, vitenzi viwili vyenye makundi mawili. Nazo zile herufi CL zina kazi yake. Katika kanuni hizo 1, 2 na 3 zikisimama peke yake humaanisha nafsi. Ukiandika 1 tupu, mtu atasoma “mimi”.

Mifano ya mistari mitatu ina adui wa kawaida kabisa, nafasi. Mwanafunzi hupanga maneno kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mpaka yalingane, na kwenye kompyuta yake yanalingana. Kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti ile, maneno yanasogea na “hippo” inajikuta chini ya kitenzi. Njia salama ni kuingiza jedwali lisilo na mistari, neno moja kwa kila kisanduku, kisha kubeba na nakala ya PDF. Programu ya slaidi nayo ina tabia ya kugeuza herufi ya kwanza ya kila kisanduku kuwa kubwa na kusahihisha maneno ya Kiswahili kana kwamba ni Kiingereza kilichokosewa. Ukichagua maneno yale ukayawekea Kiswahili chini ya `Review > Language > Set Proofing Language`, na ukazima herufi kubwa za visanduku kwenye `AutoCorrect`, usumbufu huo unakwisha.

Mipaka ya dai

Dai lililoandikwa kwenye slaidi ya pili lina nguvu, na kwa hiyo linahitaji kuwekewa mipaka na mwenyewe kabla hajawekewa na wengine. Daftari lina mipaka miwili, na kila mmoja unastahili slaidi yake.

Wa kwanza ni wa ukubwa na udogo. Mtoto analia, lakini kitoto kinalia. Mtu amekuja, lakini jitu limekuja. Hawa wote ni viumbe hai, na kitenzi hakikwenda A-WA. Tofauti na kiongozi ni kwamba hapa msemaji amekitumia kiambishi kwa makusudi, kumdogosha au kumkuza anayemtaja, mara nyingi kwa dharau au kwa mshangao, na upatanisho wa kitenzi unayabeba makusudi hayo. Ki- ya kiongozi haimfanyi awe mdogo, ki- ya kitoto inafanya hivyo. Mwanafunzi anatakiwa aliseme hili kwa mdomo wakati slaidi inaonyesha “mtoto analia” na “kitoto kinalia” bega kwa bega, kwa maana tafsiri ya Kiingereza peke yake haitaibeba ile rangi ya sauti.

Wa pili ni ule ambao mwalimu alisisitiza:

```
Rafiki       y-angu   m-kubwa   a-me-fik-a
CL9.friend   CL9-my   CL1-big   CL1-PRF-arrive-FV
'My close friend has arrived.'
```

Rafiki ni mtu, kwa hiyo kitenzi kimechukua a- na kivumishi kimechukua m-. Lakini kimilikishi kimebaki “yangu”, cha kundi la 9, kama vile “nyumba yangu”. Wingi nao ni hivyohivyo: rafiki zangu wakubwa wamefika. Ndivyo tusemavyo pia mama yangu, baba yetu, ndugu zangu. Hali hii inahusu maneno ya udugu na uhusiano wa karibu yasiyo na kiambishi cha watu. Wanyama hawamo, na katika Kiswahili sanifu tunasema “mbwa wangu”. Kwa hiyo uhai unatawala kitenzi na kivumishi, lakini mbele ya kimilikishi cha udugu unaachia nafasi umbo la zamani.

Slaidi hii ndiyo inayotofautisha wasilisho la mtu anayeijua lugha na la mtu aliyesoma muhtasari wa sarufi. Kwa msemaji wa Kiswahili “rafiki yangu amefika” ni ya kawaida kiasi kwamba haonekani kuwa na cha kuuliza. Ukumbi wa wanaisimu utaikodolea macho, kwa kuwa makundi mawili yanaonekana ndani ya sentensi moja yenye nomino moja. Inafaa ipewe dakika mbili kamili. Mzungumzaji anyooshe kidole kwenye kila kipande, neno moja baada ya jingine, na asiende mbele mpaka macho ya watu yamefika kwenye CL9 ya kimilikishi.

Kujaribu kabla ya siku

Ukiondoa slaidi ya jina, mwanafunzi wetu sasa ana saba: dai, utangulizi wa lugha, kiboko, jedwali, kitoto na jitu, rafiki, na hitimisho. Kwa dakika 15 hiyo ni kadiri nzuri, maana slaidi yenye mfano wa mistari mitatu haiwezi kusomwa upesi.

Namna bora ya kuzijaribu ni kumwonyesha mtu asiyejua Kiswahili slaidi ya kiboko, bila kusema neno, kisha kumuuliza ameona nini. Akijibu kwamba mnyama na mjeledi vina jina moja, slaidi haijafanya kazi: ameona maana, hajaona upatanisho. Dawa ni kupaka rangi moja CL1 na CL7 za vitenzi na kuacha mengine meusi. Akijibu kwamba kitenzi kimebadilika ingawa jina halikubadilika, slaidi imefika.

Jaribio hilo pia huibua pingamizi ambalo darasani hakuna aliyelitoa: pengine kiboko mnyama na kiboko mjeledi ni maneno mawili tofauti, yaliyogongana kwa sauti tu? Ni swali zuri, na jibu lipo. Mjeledi ulipata jina kutokana na ngozi ya mnyama huyo iliyotengenezewa, lakini hata tukiyahesabu kuwa maneno mawili, yote yana ki- katika umoja na vi- katika wingi. Viboko wamepotea, viboko vimepotea. Umbo la nomino ni lilelile na kitenzi bado kinatofautiana, kwa hiyo dai halitikisiki. Na asiyeridhika arudishwe kwenye jedwali, kwa kiongozi na kitabu, ambako hakuna mgongano wa sauti wowote.

Linabaki suala la vyanzo. Jina la mhadhiri, chuo na mwaka wa mhadhara viandikwe palepale kwenye slaidi yenye mfano wake. Kitabu cha Kiswahili kitajwe kwa jina lake la Kiswahili, na tafsiri ya jina hilo ifuate katika mabano ya mraba, bila kulibadilisha jina lenyewe. Mfano uliotungwa na mwanafunzi kwa ujuzi wake wa lugha uandikwe kuwa ni wake. Yeye ni msemaji wa lugha anayoieleza, na ukumbi una haki ya kujua ni wapi ushahidi unatoka kwake.

Slaidi ya mwisho isiwe ya neno la shukrani peke yake. Shukrani zitatolewa kwa mdomo, na slaidi hiyo ndiyo itakayokaa ukutani kwa muda wote wa maswali. Mwanafunzi arudishe hapo dai lake kwa maneno yaleyale, mipaka yake miwili, na sentensi tatu zilizochambuliwa: kiboko amepotea, kitoto kinalia, rafiki yangu mkubwa amefika. Anayeuliza atanyooshea kidole neno la Kiswahili lililo mbele yake, na mjadala, ingawa unaendeshwa kwa Kiingereza, utalazimika kufuata ushahidi wa Kiswahili.